Nifute miaka ya nyuma kwenye LinkedIn?

*"Nina miaka 56. Nimefanya ununuzi na ugavi kwa miaka 29, serikalini na kisha kwenye mradi, na sasa mkataba umeisha. Kijana mmoja anataka nimlipe anitengenezee LinkedIn: afute kazi zote za kabla ya 2010 na aweke picha ya zamani nisionekane mzee. Nikubali?"*

Usikubali, kaka. Watu wa rika lako wananiletea ushauri huu wa vishoka kila mara, na unanikera kwa sababu unafuta kile hasa mnachoweza kuuza.

Kazi yangu ni kuwatafutia waajiri watu. Nikiandika `procurement` kwenye LinkedIn, ninaona picha, jina na ule mstari wa chini ya jina, Headline. Ukiandika hapo "uzoefu wa miaka 29", nitajua umri wa kazi yako, lakini sitajua unaweza nini. Mstari huo unabeba herufi 220, kwa hiyo taja zabuni za aina gani umesimamia, usajili wako wa bodi ya wataalamu wa ununuzi, PSPTB, na mfumo wa zabuni za serikali mtandaoni, NeST. Uandike kwa Kiingereza, maana waajiri wengi hutafuta kwa lugha hiyo.

NeST naitaja kwa makusudi. Wewe umefungua zabuni za makabrasha mezani, ukaingia TANePS, na mwaka 2023 NeST ikachukua nafasi yake. Anayekuogopa kwa umri anaogopa kwamba mifumo mipya itakushinda, na historia hiyo ndiyo inayomjibu. Ukifuta yote ya kabla ya 2010, unabaki mtu aliyezuka akiwa tayari mkuu wa kitengo, nami nitajiuliza unaficha nini.

Kufupisha ni jambo jingine. Kazi za mwanzo zipe mstari mmoja mmoja, na mwaka wa kuhitimu unaweza kuuacha. Nguvu zako zipeleke kwenye About, hasa mistari ya kwanza, kwa sababu iliyobaki hufichwa mpaka msomaji abofye. Anza na zabuni moja iliyokuwa inaelekea kukwama: vigezo vilikosewa wapi, ulirekebisha nini, mkataba ukasainiwa lini. Siri za mwajiri ziache.

Picha ya zamani nimeona ikimharibia mama mmoja mhasibu. Alipoingia kwenye usaili, jopo lilimtazama, likatazama karatasi, na maswali yakageuka kuwa ya kumhakiki. Kazi aliimudu kabisa, lakini hakuipata.

Na hawa vishoka hawaishii kwenye picha. Huwaandikia wateja wote maneno yale yale, "mtaalamu mbobezi mwenye shauku", kisha huomba nenosiri na kuwatumia maombi ya urafiki mamia ya watu msiojuana. Akaunti ikizuiwa, anayehangaika ni mwenye jina. Kama umeshampa nenosiri lako, libadilishe leo, kisha nenda Settings & Privacy, Sign in & security, Where you're signed in, umtoe kwenye kila kifaa usichokitambua.