Hesabu za virutubishi kwenye unga wa mahindi: toka sahani ya mlaji hadi mashine

Swali: Wakuu habari zenu. Nasoma stashahada ya lishe. Swali la kuongeza virutubishi kwenye unga wa mahindi halikosi kwenye mitihani ya lishe ya jamii, na hesabu zake zinanichanganya. Ile namba ya kuweka kwenye unga inatoka wapi? Kwa nini dona na sembe havipewi sawa? Na kiwandani wanajuaje kwamba kimeingia kiasi sahihi? Mwenye uzoefu anisaidie.

Jibu:

Salama mkuu. Nimefanya kazi ya udhibiti ubora kwenye kiwanda cha sembe, na baadaye nikawa nasahihisha majaribio ya wanafunzi wa lishe. Wengi wanakariri orodha ya vitamini vizuri tu, ila wakiambiwa wapige hesabu wanaanzia kwenye gunia la premiksi, yaani ule mchanganyiko wa virutubishi unaomwagwa kwenye unga. Anzia kwenye sahani. Ukijua mtu anakula unga kiasi gani kwa siku, mengine yote yanafuata.

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani na wenzake walitoa mapendekezo ya unga wa ngano na mahindi, wakagawa nchi kwa ulaji wa unga kwa mtu kwa siku: chini ya gramu 75, gramu 75 hadi 149, 150 hadi 300, na zaidi ya 300. Kadiri watu wanavyokula unga mwingi, ndivyo kila kilo inavyowekewa virutubishi vichache. Kwa asidi ya foliki, kwa mfano, wanaokula chini ya gramu 75 wanawekewa miligramu 5 kwa kilo, na wanaokula zaidi ya 300 wanawekewa miligramu 1 tu. Kwa hiyo swali likikuuliza "kwa nini nchi A inaweka kidogo kuliko nchi B", usikimbilie kusema nchi A ni maskini au sheria yake ni dhaifu. Tazama kwanza ulaji.

Tuchukue kundi la gramu 150 hadi 300, ambalo linatosha kuwa mfano wa mlaji wa ugali. Kwa sembe, mapendekezo ni chuma miligramu 20 kwa kilo kama unatumia chuma cha aina ya NaFeEDTA, zinki 40, asidi ya foliki 1.3, vitamini B12 0.01 na vitamini A 1.5. Mama anayekula gramu 250 za unga huo kwa siku anapata chuma miligramu 5, asidi ya foliki mikrogramu 325 na vitamini A mikrogramu 375 kabla ya kutoa kinachopotea ghalani na jikoni. Sasa linganisha na mahitaji. Mwanamke anayetarajia kubeba mimba anashauriwa mikrogramu 400 za asidi ya foliki kwa siku, kwa hiyo hapo unga umefanya kazi kubwa. Kwenye chuma hali ni tofauti: mwanamke wa umri wa kuzaa ambaye mwili wake unafyonza asilimia 10 tu ya chuma cha chakulani anahitaji kama miligramu 29, na miligramu 5 ni chini ya theluthi moja. Mwanafunzi akiandika mlinganisho huu namwona ameelewa, hata kama amesahau jina la vitamini moja.

Kwenye mtihani ukipewa jedwali la kiwango cha nchi au cha Afrika Mashariki, EAS 768, tumia namba za jedwali hilo, si hizi. Njia ya hesabu ni ileile.

Sasa dona na sembe. Sembe imekobolewa, pumba na kiini vimeondoka pamoja na sehemu kubwa ya vitamini B na madini. Dona ina vyote, na wanafunzi wengi hapo huhitimisha kwamba dona haihitaji kuongezewa kitu. Tatizo ni faiteti. Iko kwa wingi kwenye dona, na inakamata chuma na zinki tumboni visifyonzwe. Kwa hiyo aina ya chuma unachoweka inakuwa muhimu kuliko kiasi chake. Kwenye sembe unaruhusiwa kuchagua: NaFeEDTA miligramu 20, au salfeti ya chuma 30, au chuma cha elektroliti 60, maana kila kimoja kinafyonzwa kwa kiwango chake. Kwenye dona kinachopendekezwa ni NaFeEDTA peke yake, kwa sababu ile EDTA inakilinda chuma dhidi ya faiteti. Zinki haina mlinzi wa namna hiyo, kwa hiyo pale sembe inapowekewa 40, dona inawekewa 80. Watunga mitihani wanaupenda mtego huu: chuma kinabaki 20 kwa unga wote wawili, zinki inaongezeka maradufu, na mwanafunzi anadhani jedwali lina makosa ya chapa.

Ukishapata namba ya kirutubishi, igeuze kuwa gramu za kitu kinachopimwa kwenye mizani. NaFeEDTA ina chuma kama asilimia 13 tu. Miligramu 20 kwa kilo ni gramu 20 kwa tani, kwa hiyo 20 gawa kwa 0.13 unapata gramu 154 za NaFeEDTA kwa tani. Oksaidi ya zinki ina zinki asilimia 80, hivyo gramu 40 zinadai gramu 50. Vitamini A huja kama chembe kavu zenye uniti 250,000 kwa gramu, sawa na miligramu 75 za retinoli, gramu 1.5 zinadai gramu 20 za chembe hizo. B12 ni kidogo mno kupimika, inanunuliwa ikiwa imeshapunguzwa makali kwa kiasi cha asilimia 0.1, hivyo gramu 0.01 inakuwa gramu 10. Asidi ya foliki ni gramu moja na kitu. Jumla inafika kama gramu 235. Mtengenezaji wa premiksi anaweka na vitamini B nyingine, kisha anajazia wanga mpaka kipimo kiwe gramu 500 kwa tani. Wengine wanalalamika wanga ule ni kuibiwa. Hapana, bila huo mashine haiwezi kumwaga kiasi kidogo namna hiyo kwa usawa.

Kiwandani sasa. Tuseme kinu kinatoa unga tani 2 kwa saa. Premiksi ni gramu 1,000 kwa saa, yaani gramu 16.7 kwa dakika. Weka sahani chini ya mdomo wa mashine ya kumwagia, kinga dakika 2, pima. Ukipata karibu gramu 33 uko sawa. Ila soma swali vizuri: je, wamesema tani 2 za unga au tani 2 za mahindi? Sembe inayotoka kwa asilimia 75 ikilishwa tani 2 za mahindi inatoa tani 1.5 za unga. Ukimwaga gramu 1,000 hapo umeweka gramu 667 kwa tani, theluthi zaidi ya ulivyokusudia. Vitamini A na asidi ya foliki zina kikomo cha juu kwenye viwango, na wakaguzi wanapima.

Mahali pa kuweka mashine pia huulizwa. Inakaa mwanzoni mwa konveya ya parafujo ili unga na premiksi vigeuzwe pamoja njia nzima kabla ya kufungashwa. Na swichi yake iunganishwe na ya kinu. Kuna kiwanda nilikikuta kinu kikisimama mashine inaendelea kumwaga, premiksi inajilundika kwenye konveya, na mifuko ya kwanza baada ya kuwasha inatoka na madini mara kadhaa ya kiwango. Ile iliyofuata inatoka sawa, kwa hiyo wastani wa siku unaonekana mzuri kabisa kwenye daftari.

Tuliligundua kwa kipimo cha madoa, ambacho hakikosi kwenye mtihani wa vitendo. Unatandaza unga kwenye sahani, unausawazisha, unadondoshea potasiamu thayosayaneti iliyochanganywa na haidrokloriki asidi, unasubiri dakika chache. Chuma kinatokea kama madoa mekundu. NaFeEDTA inajibu moja kwa moja, ila salfeti ya chuma na chuma cha elektroliti vinahitaji uongeze haidrojeni peroksaidi. Ukiisahau peroksaidi utasema unga hauna chuma kumbe kipo. Madoa yaliyosambaa sawasawa yanaonyesha mchanganyiko mzuri. Yaliyorundikana upande mmoja, au sahani iliyogeuka nyekundu tupu, kuna jambo kwenye konveya. Kipimo hiki hakikupi miligramu, na hakisemi lolote kuhusu vitamini. Huenda chuma kipo chote na vitamini A imeshakufa kwa sababu premiksi iliachwa wazi kwenye joto na mwanga.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni cha stoo. Mwezi huu umetoa unga tani 300, ulipaswa kutumia premiksi kilo 150. Stoo inaonyesha zimetoka kilo 120. Basi kwa wastani umeweka gramu 400 kwa tani, asilimia 80 ya kipimo, hata kama sampuli moja iliyopelekwa maabara ilipita. Wakikupa takwimu za namna hii kwenye swali, wanataka hesabu hii, hawataki insha.

Swali la mwisho ambalo hupenda kufunga karatasi: je, programu hii itamaliza upungufu wa damu nchini? Hapo taja mambo mawili. La kwanza, hesabu zote za juu zinadhani unga umepita kwenye kinu kikubwa, wakati watu wengi vijijini wanabeba debe lao kwenda mashine ya mtaani. Kuna vifaa vidogo vinavyofungwa kwenye hopa ya mashine hizo, vinapima uzito wa nafaka na kumwaga kiasi kinacholingana, kama vya Sanku hapa Tanzania, ambao gharama ya premiksi wanaifidia kwa kununua mifuko ya unga kwa jumla na kuwauzia wenye mashine. Taja mfano huo. La pili ni watoto. Mtoto wa mwaka mmoja akila uji wa gramu 40 za unga uleule wenye miligramu 20 kwa kilo anapata chuma miligramu 0.8, na mahitaji ya mtoto wa miaka 1 hadi 3 kwa ufyonzaji wa asilimia 10 ni kama miligramu 6. Huwezi kupandisha kiwango cha unga ili umfikie huyo bila kumzidishia baba yake anayekula gramu 400. Kwa hiyo kundi la miezi 6 hadi 23 liandikie maziwa ya mama, vyakula vya asili ya wanyama, na virutubishi vya paketi vinavyonyunyizwa kwenye chakula chake mwenyewe.