Kukataa kazi bila kumpoteza mteja: kwa vijana wa websaiti na grafiki hapa Mbeya

Wiki hii nimeona tena meseji ya kijana mmoja hapa ofisini kwetu Mwanjelwa. Mteja wa Tukuyu anataka apu ya kuuzia parachichi, naye amemjibu: "Sawa bosi, ngoja niangalie ratiba nitakucheki." Hana mpango wa kumcheki. Apu hajawahi kutengeneza hata moja. Anasubiri mteja achoke mwenyewe. Wadogo zangu, hili nimelisema kwa mdomo mara nyingi, sasa naliandika, kwa sababu nawapenda na kwa sababu mnanichosha.

1. Sababu ya uongo inamrudisha mteja mlangoni

Kijana tuliyewahi kufanya naye kazi hapa ameniruhusu nisimulie habari yake, jina naliacha. Alitafutwa na mama mwenye shule binafsi upande wa Iringa. Mama alikuwa ameona websaiti aliyomtengenezea rafiki yake, akaipenda. Ila yeye alitaka mfumo wa ada: mzazi alipe kwa simu, risiti itoke yenyewe, deni la mwanafunzi lipungue, na mzazi anayedaiwa atumiwe meseji ya kumkumbusha. Bajeti yake laki tisa. Kijana alikuwa hodari wa WordPress, kurasa zake safi, picha zimekaa vizuri. Mfumo wa kupokea malipo hakuwahi kuugusa.

Akamjibu: "Shikamoo mama. Kwa sasa nimebanwa kidogo, labda mwezi wa kwanza." Yeye akaona amekataa kwa heshima. Mama akaelewa kilichoandikwa, yaani mwezi wa kwanza. Akaacha kutafuta mtu mwingine, na kwenye kikao cha wazazi cha kufunga mwaka akatangaza kwamba muhula ujao ada italipwa kwa simu. Januari shule zinafunguliwa, mama yuko hewani: "Mwanangu, mwezi wa kwanza umefika."

Hata hapo ukweli ungemwokoa. Aibu ikamshika, akatumia dawa ambayo najua wengi wenu mnaitumia: bei ya kumfukuzia mteja. Akataja milioni nne na nusu. Mama akaenda kwenye bodi yake, wakaahirisha kupaka rangi madarasa, wakakubali. Adivansi ya asilimia 40 ikaingia, milioni moja na laki nane. Sasa unakataaje?

Kwa asiyewahi kuyafanya, malipo ya simu ni kitufe tu kwenye ukurasa. Kazi yenyewe iko nyuma ya kitufe. Mzazi akilipa, taarifa inatumwa kwenye seva kwamba mwanafunzi wa namba fulani amelipiwa kiasi fulani. Seva ikichelewa kuthibitisha kwamba imepokea, taarifa ile ile inaweza kuja tena, na mfumo usiokagua namba ya muamala utapunguza deni mara mbili. Mzazi akikosea tarakimu moja ya namba ya mwanafunzi, hela inaangukia kwa mtoto wa mwenzake. Kwa hiyo lazima kuwe na njia ya kuirekebisha, na kila jioni mtu alinganishe kilichomo kwenye mfumo na taarifa ya miamala ya siku hiyo. Halafu akaunti ya kupokelea malipo inafunguliwa kwa nyaraka za shule, na nyaraka hizo huchukua muda kukamilika.

Kijana aliyajua haya wakati wazazi wameshaanza kulipa. Kabla muhula haujafika katikati, mhasibu alikuwa amerudi kwenye daftari, anampigia mzazi mmoja baada ya mwingine kuuliza amelipa lini na kiasi gani. Wazazi wanaonesha meseji za muamala, mfumo unasema wanadaiwa. Mama wa watu amesimama katikati, na ahadi ni yeye aliyeitoa mbele ya kikao. Adivansi ilirudi kwa mafungu, maana ilishakuwa kompyuta mpya.

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Shule ile ilihitaji pia websaiti, fomu za kujiunga, kalenda ya ukutani na fulana za mahafali. Zote hizo kijana alizimudu vizuri kabisa, na zingerudi kila mwaka. Zikaenda kwa mtu mwingine, na mama hana kosa.

2. Meseji ambayo ingetosha siku ile ya kwanza

Tulikaa naye baadaye tukaiandika, kama angeituma mwanzoni:

"Shikamoo mama. Nimesoma maelezo yako yote kuhusu mfumo wa ada. Asante kwa kuniamini.

Kazi hii sitaweza kuichukua. Mimi natengeneza websaiti na kazi za kuchapa. Mfumo wa kupokea malipo kwa simu sijawahi kuujenga, na nisingependa nijifunzie kwenye ada za wazazi.

Utakapompata mtu, mwombe akuoneshe mfumo wa malipo alioujenga ambao unatumika hadi leo, na akueleze mzazi akikosea namba ya mwanafunzi hela itarekebishwaje. Namfahamu mtu mmoja anayefanya kazi hizi. Ukiridhia, nitamuuliza kama ana nafasi, kisha nikupe namba yake.

Kwa upande wangu, websaiti ya shule, fomu za kujiunga na kalenda ni kazi ninazozifanya. Kama mtahitaji kalenda ya mwaka ujao, nitakukumbusha mwezi wa kumi ili iwahi kuchapwa kabla shule hazijafungwa.

Nakutakia kazi njema, mama."

Tazameni neno "sitaweza" limekaa wapi. Limekuja mapema, na nyuma yake hakuna "labda", "kwa sasa" wala "ngoja niangalie". Mtu wa kwetu akisikia "labda" anaanza kusubiri, na kila siku anayosubiri ni siku ambayo angekuwa anaongea na fundi anayeweza. Sababu nayo inamhusu mwandishi, haimhusu mama. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba bajeti yake ni ndogo au kwamba hajui anachotaka.

Yale maswali mawili ya kumuuliza fundi ndiyo yanayofanya akukumbuke kwa wema. Hujui kujenga mfumo, lakini unajua unaharibikia wapi, na hilo linamsaidia asitapeliwe. Ukikosa swali la maana la kumpa, usilazimishe, aya mbili za kwanza zinatosha.

Na ule mlango wa kurudi una jina na mwezi. "Karibu tena" peke yake haimwambii kitu, maana hajui aje na nini. Ukitaja kalenda na mwezi wa kumi, anajua.

Kwa mtu mzima kama huyu, piga simu kwanza, halafu tuma meseji iwe kumbukumbu. Ila iandike kabla hujapiga. Kwenye simu atakwambia "jaribu tu mwanangu, Mungu atakusaidia", na usipokuwa na maneno yako mbele ya macho utajikuta umeitika. Na jamani, mama wa watu haitwi bosi.

3. Kazi unaiweza, hela haitoshi

Hapa meseji inabadilika, kwa sababu bado kuna cha kuzungumza. Tuchukue mwenye nyumba ya wageni Tukuyu. Anataka websaiti ya kurasa tano, ukampigie picha vyumba, maelezo yawe Kiswahili na Kiingereza. Ana laki tatu.

Fanyeni hesabu kabla ya kujibu. Tuseme jina la tovuti na seva kwa mwaka ni 120,000. Nauli na siku ya picha 60,000. Siku tano za kazi kwa 80,000 ni 400,000, na siku moja ya masahihisho 80,000. Jumla 660,000. Ukiifanya kwa laki tatu, toa ile 180,000 inayotoka mfukoni, unabaki na 120,000 kwa siku sita, yaani elfu ishirini kwa siku. Utaanza kwa moyo, na kazi nyingine ikiingia ya huyu itasukumwa nyuma. Nimeiona mara nyingi hapa ofisini: picha zinakaa kwenye simu, mteja anauliza, mnaacha kupokea. Mteja huyo atasema umemtelekeza, na atakuwa sahihi, hata kama kwenye bei wewe ndiye uliyeumia.

Kwa hiyo mwandikie hivi:

"Habari za kazi, kaka. Kwa kazi kama ulivyoieleza, bei yangu ni 660,000, kwa hiyo kwa 300,000 sitaweza kuifanya yote. Kwa 300,000 naweza kukutengenezea ukurasa mmoja wa Kiswahili, kwa picha utakazonitumia wewe, wenye bei za vyumba, ramani na namba ya simu. Kurasa nyingine tutaziongeza utakapokuwa tayari, bila kuanza upya. Kama unataka zote kwa pamoja, bei hii naishikilia hadi mwisho wa mwezi wa sita. Ukimpata wa kukufanyia yote kwa 300,000, hakikisha jina la tovuti limesajiliwa kwa jina lako."

Ule ukurasa mmoja ni 120,000 za jina na seva, na siku mbili za kazi, 160,000. Jumla 280,000, inaingia kwenye hela yake bila wewe kuumia. Akijibu "nifanyie kama ndugu", punguza kazi, usipunguze hela: toa ramani, au picha alete tano badala ya kumi. Isipokuwa na cha kutoa, mrudie kwamba sitaweza, kwa upole ule ule, na usibadilishe sababu. Ukianza na bei ukamalizia na "nimebanwa", anajua moja kati ya hayo si kweli.

Wateja ambao ni kampuni au taasisi wanaweza kukukata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya huduma, ambayo kwa 660,000 ni 33,000. Iweke kwenye hesabu kabla hujasema bei inatosha.

4. Ukimwelekeza kwa mwenzako

Muulize mwenzako kwanza, mwombe mteja ruhusa kabla hujatoa namba yake, na sema wazi kama hujawahi kufanya kazi na huyo mtu.

5. Baada ya kutuma

Jibu ndani ya siku moja. Ukihitaji kufikiri, sema utajibu siku gani, kisha jibu siku hiyo. Mteja akisema "sawa" tu, usiongeze maelezo. Mara nyingi watu wanaongeza kwa woga, na kwenye maelezo ya ziada ndiko "labda" inakorudi. Akikasirika, mwambie umemwelewa na acha hapo. Baada ya kama mwezi unaweza kumjulia hali na kuuliza kama alipata mtu, bila kuuza chochote. Lakini ulichoahidi kukumbusha, kikumbushe. Kiweke kwenye kalenda ya simu siku ile ile unayotuma meseji ya kukataa. Mwezi wa kumi ukifika, mtumie mama sampuli ya kalenda, ikiwa na bei ya nakala 100 na ya nakala 300, na tarehe ya mwisho ya kupokea picha za wanafunzi.