Barua ya kuomba saa za kazi zisogezwe ili jioni ufanye biashara

Barua nyingi za namna hii hukataliwa kwa sababu mwombaji ameandika shida zake tu: kodi ya nyumba, ada, maisha magumu. Meneja anaweza kukuonea huruma na bado asikubali, maana swali lake ni moja: ukiondoka mapema, kazi ya saa ile ya mwisho ataifanya nani? Barua yako ijibu hilo kabla hajaliuliza.

Tuchukue karani wa stoo kwenye ghala moja la Barabara ya Nyerere, anayeishi Mbagala Rangi Tatu. Anaingia saa 2:00 asubuhi na kutoka saa 11:00 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, na saa moja ya chakula katikati. Anataka kukaanga samaki jioni. Akitoka saa 11:00 anakutana na foleni, anafika giza limeingia, na mpaka mkaa ushike wateja wengi wameshanunua kwingine. Akitoka saa 10:00, jiko linawaka mapema. Anachohitaji ni kuingia saa 1:00 asubuhi na kutoka saa 10:00 jioni.

Hapa angalia neno unalotumia. Ukiandika "naomba nipunguziwe saa", umefungua mjadala wa kupunguziwa mshahara. Andika "naomba saa zangu zisogezwe", kisha onyesha hesabu: saa 8 kwa siku, 40 kwa wiki, vilevile kama zamani. Usijitolee kufuta saa ya chakula ili utoke mapema. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo apewe mapumziko yasiyopungua dakika 60, na ofisa utumishi makini ataikwamisha barua hapo hapo.

Jambo jingine dogo linaloleta ugomvi: mashine ya vidole husoma 07:00, wewe umeandika saa 1:00. Weka zote mbili.

Kabla ya kuandika, soma mkataba wako. Ipo mikataba inayotaka kibali cha maandishi kwa kazi yoyote ya nje yenye kipato. Ukikuta kifungu hicho, omba kibali katika barua hiyo hiyo. Biashara yenyewe itaje kwa ukweli, sentensi moja inatosha. Kusingizia mgonjwa ni hatari, kwa sababu mfanyakazi mwenzako atapita Rangi Tatu akukute na karai, na kuanzia hapo tatizo halitakuwa saa tena, litakuwa uaminifu.

Kiini cha barua kinaweza kuwa hivi, ukiipitisha kwa msimamizi wako (K.K. Msimamizi wa Stoo):

"YAH: OMBI LA KUSOGEZEWA SAA ZA KAZI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naomba kuingia kazini saa 1:00 asubuhi (07:00) na kutoka saa 10:00 jioni (16:00), badala ya saa 2:00 hadi 11:00, ili jioni niweze kuendesha biashara ndogo ya samaki nyumbani. Biashara hiyo haihusiani na shughuli za kampuni. Saa zangu zitabaki 40 kwa wiki.

Kati ya saa 1:00 na 2:00 asubuhi nitaandaa mizigo ya magari ya kwanza. Maombi ya bidhaa yatakayofika baada ya saa 9:30 alasiri yatashughulikiwa na karani mwenzangu, ambaye nimezungumza naye na amekubali. Nitamkabidhi daftari la stoo kwa sahihi kila siku. Siku za kuhesabu mali mwisho wa mwezi nitafuata saa za kawaida.

Naomba tujaribu kwa miezi 2, kisha tutathmini."

Miezi 2 ina sababu: inapita kwenye hesabu za mwisho wa mwezi mara mbili, na huko ndiko mpango huu huonyesha udhaifu wake. Ule mstari wa makabidhiano usiuache. Mzigo ukipungua jioni na hakuna sahihi, lawama itakurudia wewe uliyeondoka mapema. Hakikisha pia kuna mwenye funguo saa 1:00 asubuhi. Ukimsubiri mlangoni hadi saa 2:00, saa zako 8 hazitimii.

Peleka nakala mbili, na moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, ubaki nayo. Sheria haimlazimishi meneja kukubali. Akikataa, muulize ni siku zipi zinamtatiza. Huenda Jumatano na Alhamisi zikawezekana, na biashara ya samaki inaweza kuanza kwa siku mbili. Akikubali kwa mdomo, omba barua, na saa mpya ziingizwe kwenye maelezo yako ya ajira, kwa sababu meneja mpya akija atasoma faili.