Kivuli kwenye monita ya LCD: usiseme imeungua kabla ya kupima

Mteja akikuletea monita inayoonyesha kivuli cha picha ambayo haipo tena, atakuambia kioo kimeungua. Usimkubalie wala usimbishie. Pima kwanza.

Anza kwa kubonyeza kitufe cha Print Screen, kisha ifungue picha hiyo kwenye skrini nyingine. Kivuli kikionekana hata huko, monita haina kosa, tatizo liko kwenye kompyuta. Kisipoonekana, jaza skrini nzima rangi ya kijivu cha kati, maana kwenye nyeupe au nyeusi kivuli hafifu hujificha. Andika hivi kwenye sehemu ya anwani ya kivinjari, kisha bonyeza F11:

```
data:text/html,<body style="background:gray">
```

Tuseme jedwali la hesabu lilibaki wazi kutwa nzima, na sasa mistari yake inaonekana juu ya kijivu. Fuwele za LCD husukumwa na umeme unaogeuka mwelekeo kila mara. Mgeuko huo usipolingana sawasawa, chaji kidogo hujikusanya pale ambapo picha haikubadilika, na fuwele za hapo huendelea kuinama hata picha ikiondoka. Hakuna kilichoungua. Ndiyo maana kupunguza mwangaza hakusaidii sana: mwanga hutoka kwenye taa za nyuma, ila chaji iko ndani ya kioo. Kwenye OLED mambo ni tofauti, kwani huko kila nukta hutoa mwanga wake na huchakaa kweli.

Piga picha ya kijivu hicho kwa simu baada ya monita kuwaka nusu saa. Kisha izime usiku kucha, uchomoe na waya wa umeme. Kesho yake iwashe, ngoja nusu saa ileile, upige tena ukiwa umesimama palepale. Muda wa kupasha moto usipolingana, picha mbili hizo hazilinganishiki, na hapa ndipo wengi hujidanganya.

Mistari ikiwa imefifia hata kidogo, ni ya muda. Weka skrini nyeupe tupu, au video inayobadilika, kwa muda unaokaribia ule ambao jedwali lilikaa, kisha pima upya. Zile video za rangi zinazomweka kwa kasi mimi siziwashi mbele ya watu: zinaweza kumletea kifafa mwenye tatizo hilo, na sijaona zikiishinda nyeupe.

Kivuli kisipopungua hata baada ya siku kadhaa za kurudia hivyo, hapo unaweza kusema ni cha kudumu. Hakuna programu itakayokiondoa, ni kubadilisha paneli, na mara nyingi bei yake hukaribia ya monita mpya. Lakini angalia umbo kabla ya kumpa mteja habari hiyo. Doa la manjano pembezoni lisilofanana na picha yoyote si kivuli. Chunguza taa za nyuma na karatasi zinazotawanya mwanga wake.