Embe likauke kabla ya kufika Nairobi

Swali la wiki: "Ni zao gani mkulima anaweza kusindika shambani na kuliuza Nairobi, na mambo huharibikia wapi?"

Mimi nasema maembe ya Makueni na Machakos, yakaushwe. Msimu ukipamba moto bei huanguka, na embe lililoiva halingoji.

Anza na hesabu, maana wengi hupanga bei kwa kubahatisha. Kilo 100 za maembe, ukitoa ganda na kokwa, hubaki kama kilo 60 za nyama, na sehemu kubwa ya hiyo ni maji. Yakikauka sawasawa unapata kilo 10, labda 12. Kwa hiyo kila shilingi unayolipa kwa kilo ya embe bichi huwa karibu shilingi 10 kwenye kilo kavu, kabla ya kuni, vibarua na mifuko.

Chagua maembe ya aina ya Apple au Kent, yaliyoiva lakini bado magumu kidogo. Embe lililolegea hunata kwenye wavu wa kukaushia, na la kienyeji lenye nyuzi humkera mlaji. Kata vipande vya milimita 6 hadi 8, vyote unene mmoja. Vikitofautiana, chembamba kitakuwa kama mbao wakati kinene bado kina maji. Vitie dakika 5 hadi 10 kwenye lita moja ya maji yenye kikombe cha maji ya ndimu, visigeuke rangi ya kahawia, kisha vipange kwenye wavu wa kikaushio bila kugusana.

Joto liwe nyuzi 55 hadi 60. Kosa kubwa ni kuchochea moto mwanzoni ili kazi iishe haraka. Uso wa kipande hujifunga, maji yanabaki ndani, na baada ya wiki chache ukungu huota ndani ya pakiti iliyoonekana kavu kabisa. Kupima ni rahisi: kipande kilichopoa kikunje. Kisivunjike, na ukikipasua na kukiminya kisitoe unyevu.

Hata hapo usipakie. Weka vipande kwenye mitungi ya kioo iliyofungwa kwa wiki moja, ukitikisa kila siku, ili vikavu na vyenye unyevu visawazike. Ukiona mvuke kwenye kioo, rudisha kwenye kikaushio.

Mfuko mwembamba wa nailoni hupitisha unyevu, kwa hiyo tumia mfuko mzito wenye utando wa alumini. Ule wenye dirisha huvutia mteja, ila mwanga hufifisha rangi. Baada ya kuziba kwa mashine ya joto, uzamishe majini na kuuminya: povu likitoka, hewa inavuja, huenda kwa sababu ya mkunjo kwenye mshono.

Maduka makubwa ya Nairobi yatakuuliza alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Pia andika kwenye kila pakiti, tangu mwanzo, nambari ya kundi lililokaushwa pamoja. Pakiti moja ikirudi na ukungu, utajua ni zipi za kuondoa, badala ya kuondoa zote.