Barua ya kufunga kiwanda: hesabu ya haki zako na tarehe ya kuichunga

*"Wakuu, kiwanda cha samani ninachofanyia kazi hapa Moshi kinafungwa. Barua ni ya tarehe 1 Aprili, mikataba yote inakoma 30 Aprili, stahiki zitalipwa 15 Juni. Mshahara wa msingi 520,000, nina miaka 6 na miezi 8, siku 6 kwa wiki. Nisaini?"*

Mkuu, saini kwamba umepokea barua, basi. Juu ya saini andika kwa mkono: "Nimepokea barua, sijakubali hesabu." Fomu yenye maneno "nimelipwa haki zangu zote na sina madai" usiiguse kabla hela haijaingia, kwa sababu ndiyo watakayoitoa mbele ya msuluhishi.

Hesabu iko hivi. Kwa siku 6 za kazi kwa wiki, mshahara wa mwezi unagawanywa kwa 26, kwa hiyo siku yako ni 20,000. Kiinua mgongo ni siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10. Yako imetimia 6, ile miezi 8 haihesabiwi: 7 × 6 × 20,000 = 840,000. Likizo ya miezi hiyo 8, kama hujaichukua, ni siku moja kwa kila siku 13 za kazi: 26 × 8 = 208, na 208 ÷ 13 = 16, yaani 320,000. Jumla 1,160,000, na mshahara wa Aprili unalipwa kando. Likizo za nyuma unazodai zinaongezwa juu yake. Notisi yako imevuka siku 28 za kisheria, basi ukiitumikia yote hakuna malipo ya notisi. Wakikwambia ukae nyumbani, mshahara wa kipindi hicho ni wako. Kama walikuajiri mbali, mfano Singida, wanadaiwa pia nauli ya kukurudisha huko na posho ya kujikimu hadi usafirishwe. Dai na cheti cha utumishi.

Kosa kubwa la barua za namna hii ni kutoa uamuzi uliokwisha kufanyika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri atoe kwanza taarifa ya kusudio, aeleze sababu, kisha ashauriane na wafanyakazi au chama chao kuhusu namna ya kuepuka au kupunguza uachishaji, nani aondoke na malipo. Kama hamkuitwa kikao chochote, una hoja ya kuachishwa isivyo halali, hata kama kiwanda kweli kimeishiwa.

Lakini angalia tarehe. Madai ya kuachishwa isivyo halali yanafunguliwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu ajira ikome. Kwako siku hizo zinaisha 30 Mei, wiki mbili kabla ya siku waliyoahidi kulipa. Wengi hapa hungoja hela kwanza, na hela isipokuja wanakuta mlango umefungwa, inabidi waombe kuongezewa muda kwa sababu za msingi. Madai mengine, kama malipo yaliyopungua, yana siku 60.

Kwa hiyo jaza fomu ya CMA F.1 mapema Mei katika ofisi ya Tume hapo Moshi, mpe mwajiri nakala, na utunze ushahidi kwamba ameipokea. Nenda na barua, mkataba na hati za mshahara. Wakilipa kamili kabla ya usuluhishi, mnaandikiana makubaliano na shauri linaondolewa.