Duka lina mauzo ya milioni 8.65: kodi ni 139,500 au 250,000?

Wiki hii dada mmoja mwenye duka la rejareja pale Kibaigwa ameniandikia ujumbe akiwa na uchungu. Anauza unga, sukari, mafuta ya kula, sabuni na vitu vidogo vidogo vya nyumbani. Amekadiriwa kodi ya mapato ya shilingi 250,000 kwa mwaka, na jirani yake, ambaye kwa macho tu duka lake linamzidi kidogo, analipa pungufu ya 200,000. Anauliza kama ameonewa.

Hajaonewa, dada yangu. Ila umelipa bei ya kutokuwa na daftari, na naomba wenzako wa Kongwa, Mpwapwa, Chamwino na Dodoma mjini nao waone hesabu hii inavyokwenda, kwa sababu kila mwaka watu wazima wanaacha zaidi ya laki moja mezani bila sababu.

Tuanze na nani anahusika. Utaratibu huu wa kulipa kodi kwa kuangalia mauzo badala ya faida umo kwenye Jedwali la Kwanza la Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura 332. Ni wa mtu binafsi, mkazi wa Tanzania, ambaye mapato yake ya mwaka ni ya biashara peke yake na mauzo yake hayazidi shilingi milioni 100. Kampuni haimo, hata iwe ndogo kama kibanda. Mwenye duka ambaye pia anapokea mshahara naye hamo, kwa kuwa mapato yake si ya biashara tupu. Hapa nitashughulika na wadogo kabisa, wale ambao mauzo yao hayafiki milioni 11 kwa mwaka, maana ndipo daftari linapookoa fedha nyingi kuliko mahali pengine. Milioni 11 penyewe ni mpaka wa kuangalia sana, kwa sababu ukiufikia unaingia pia kwenye wajibu wa mashine ya EFD.

Mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayana kodi ya mapato. Yakizidi 4 mpaka 7, asiye na kumbukumbu analipa shilingi 100,000, na mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Yakizidi 7 mpaka 11, asiye na kumbukumbu analipa 250,000, na mwenye kumbukumbu analipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 7.

Watu wengi huishia kusoma safu hizo mbili, ya mwenye kumbukumbu na ya asiye nazo, kama vile ni aina mbili za wafanyabiashara. Si hivyo. Ni duka lile lile na mauzo yale yale, tofauti ni kama umetimiza kifungu cha 35 cha Sheria ya Usimamizi wa Kodi, Sura 438, kinachodai utunze kumbukumbu za biashara yako.

Angalia ile 90,000 imetoka wapi. Kutoka milioni 4 hadi 7 ni milioni 3, na asilimia 3 ya milioni 3 ni 90,000. Kumbe kwa mwenye daftari madaraja yote mawili ni hesabu moja: chukua mauzo ya mwaka, toa milioni 4, zidisha kwa 3, gawanya kwa 100. Huna haja ya kukariri kingine chochote mpaka ufike milioni 11.

Sasa tuchukue duka la mfano linalofanana na la dada yetu. Kibaigwa inaishi kwa mahindi. Mavuno yakianza kuingia sokoni, magari yanajaa, vibarua wana fedha, na duka linauza. Masika yakikolea, kabla ya mavuno, watu wanahesabu sarafu. Januari hadi Machi duka linauza 450,000 kwa mwezi, jumla 1,350,000. Aprili na Mei ni 550,000 kila mwezi, jumla 1,100,000. Juni hadi Septemba ni 1,100,000 kwa mwezi, jumla 4,400,000. Oktoba hadi Desemba inarudi 600,000, jumla 1,800,000. Mwaka mzima ni 8,650,000.

Toa milioni 4, inabaki 4,650,000. Asilimia 3 yake ni 139,500. Hiyo ndiyo kodi ya mwenye daftari, na inalipwa kwa awamu nne: kufikia tarehe 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Kila awamu ni 34,875. Duka hilo hilo bila daftari ni 250,000, yaani 62,500 kila awamu. Tofauti ya mwaka ni 110,500.

Ili uone uzito wa fedha hiyo, ilinganishe na faida. Tuseme mwanzo wa mwaka dukani kulikuwa na mali ya 600,000 kwa bei ya kununulia, mwaka mzima ukanunua mali ya 7,300,000, na mwisho wa mwaka kwenye rafu imebaki ya 700,000. Mali iliyouzwa imekugharimu 7,200,000. Ukitoa kwenye mauzo ya 8,650,000 unabaki na 1,450,000, na hapo hujalipa pango wala umeme. Laki moja na kumi na nusu ni sehemu kubwa ya kilichobaki.

Nimesikia hoja kwamba daftari linaweza kumponza mtu, kwamba pengine kulipa kile kiwango kimoja cha asiye na daftari ni nafuu. Tuipime. Ndani ya daraja la kwanza, kodi ya juu kabisa ya mwenye daftari ni 90,000, na asiye nalo analipa 100,000. Daraja la pili, ya juu kabisa ni 210,000 dhidi ya 250,000. Hakuna kiwango chochote cha mauzo kati ya milioni 4 na 11 ambapo asiye na daftari anashinda. Na anayeumia zaidi ni yule aliyevuka mpaka kwa nywele. Mwenye mauzo ya 7,100,000 bila daftari analipa 250,000, akiwa nalo analipa 93,000.

Makosa ya hesabu ninayoyaona sana ni mawili. La kwanza ni kupiga asilimia 3 kwenye mauzo yote, na duka letu linatoka na 259,500. La pili ni kuchukua 90,000 kisha kuongeza asilimia 3 ya mauzo yote, inakuja 349,500. Ukiona kodi yako kama mwenye daftari imezidi 210,000 wakati mauzo hayajafika milioni 11, jua kuna mahali hesabu imekosewa.

Kosa zito kuliko yote lakini haliko kwenye asilimia, liko kwenye mauzo yenyewe. Mtu anaulizwa, “Kwa mwezi unauza kiasi gani?” Ni Julai, duka limejaa, anajibu kwa fahari kuwa anauza milioni moja na laki moja. Mara 12 ni 13,200,000. Kwa jibu moja ameshavuka milioni 11, ameingia daraja lisilo lake na mashine ya EFD juu yake, wakati mauzo yake ya kweli ni 8,650,000. Mikoa yetu ya kati ni ya msimu mmoja wa mvua. Usijibu swali hilo kwa mwezi. Jibu kwa mwaka, ukiwa na jumla za miezi 12 mkononi.

Daftari lenyewe halihitaji mhasibu. Kila jioni andika tarehe, mauzo ya fedha taslimu, mauzo yaliyolipwa kwa simu, na bidhaa ulizokopesha. Deni liingie kwenye mauzo mara moja tu. Kama umeliandika siku mteja alipochukua unga, usiliandike tena siku anapolipa, bali weka alama kwamba limelipwa. Upande wa pili andika manunuzi na ubandike risiti zake. Mwisho wa mwezi jumlisha, na mwisho wa mwaka hesabu mali iliyo kwenye rafu. Kumbukumbu hizo zitunzwe miaka 5, na Kiswahili kinakubalika kabisa.

Kuna fedha zinazopita dukani ambazo si mauzo, nazo zinavimbisha hesabu za watu wengi. Mkopo wa VICOBA ulioingiza dukani si mauzo. Fedha aliyokutumia mwanao kuongeza mtaji si mauzo. Kama pia wewe ni wakala wa kutuma na kutoa fedha kwa simu, zile laki zinazoingia na kutoka ni za wateja, chako ni kamisheni. Ndiyo maana nasisitiza laini ya duka itengwe na laini yako binafsi. Vikichanganyika, ukiletewa taarifa ya miamala ya mwaka utashindwa kueleza kipi ni nini, na kila kilichoingia kitaonekana ni mauzo.

Wala usiandike pungufu. Ukinunua kwa jumla ukatoa namba yako ya TIN, risiti ya EFD inabeba namba hiyo. Duka letu la mfano lina mali iliyouzwa ya 7,200,000 kwa bei ya kununulia, na mauzo yake yako juu ya hapo kwa takribani asilimia 20. Daftari likisema mauzo ni 6,500,000, linasema mwaka mzima uliuza sukari kwa hasara. Afisa yeyote ataliona hilo kwa dakika tano, na daftari likishakosa kuaminika unarudi kwenye safu ya wasio na kumbukumbu. Fanya jaribio hilo mwenyewe kabla hujaenda TRA. Asilimia ikitoka tofauti sana na unavyopanga bei zako, kuna siku ambazo hukuandika.

Jambo moja lisikupite: hapa gharama hazikatwi. Mwaka ukiwa mbaya, wizi ukatokea, unga ukaharibika, kodi inabaki ya mauzo. Mwenye faida nyembamba sana anaweza kuchagua kutozwa kwa faida, lakini hapo atatakiwa hesabu kamili, si daftari la mauzo tu.

Kwa dada wa Kibaigwa: kama unayo maandishi ya mauzo ya kipindi kinachokadiriwa, hata yawe kwenye madaftari matatu ya shule, yajumlishe kwa miezi uende nayo, uombe makadirio yarekebishwe. Ukikataliwa, pingamizi linaandikwa ndani ya siku 30 tangu upokee uamuzi wa kodi, na ndani ya muda huo unatakiwa kulipa kiasi usichokibishia au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kile kilicho kikubwa. Theluthi ya 250,000 ni kama 83,300. Wewe ukisema kodi yako halali ni 139,500, hiyo ndiyo kubwa, hivyo ndiyo utakayolipa. Na kama hukuandika chochote, lipa 62,500 ya awamu hii kwa tarehe yake, kisha nunua daftari leo jioni kabla hujafunga duka, uanze na mauzo ya leo.